Kirikuu Bado Inasubiri

Godoro liko juu ya kirikuu, dereva anapiga honi, na Kariakoo hakuna pa kuegesha. Unahamia Mbagala. Mama wa chumba cha mbele, mliyepanga naye nyumba moja miaka minne, anakutakia heri. Unaitikia "Amina", huku moyoni ukiwa na shilingi 5,000 za LUKU.

Vyumba sita, mita moja. Kila chumba kinachanga 5,000 kwa mwezi, mwenye friji 10,000. Wewe una friji. Mwezi ule ulikwenda msibani Moshi wiki mbili, ukaizima. Uliporudi, mama alikudai 10,000 yote. Ulilipa, ukanuna. Hukumwambia kwamba friji ilikuwa imezimwa. Angejuaje?

Sasa soma Mathayo 5:23-24 taratibu. Yesu hamtumi mwenye kinyongo. Anamtuma yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake. Mama huyu naye analo: miezi mitatu umepita ukumbini bila kumwamkia.

Tena Yesu alikuwa akihubiri Galilaya, na madhabahu ilikuwa Yerusalemu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Kuiacha sadaka pale na kurudi kwa ndugu haikuwa safari ndogo. Wewe unahitaji hatua kumi tu kurudi ukumbini.

"Mama, shikamoo. Mwezi ule friji niliizima, nikakasirika bila kukueleza. Nisamehe kwa kukunyima salamu."

Huenda 5,000 isirudi; ilishaingia kwenye mita, na umeme wake ulishawaka. Dereva mwombe dakika tano.