Cheko Lina Saa Yake: Kiswahili Chini ya Filamu ya Kitaliano

Maandishi yakitokea chini ya picha, mtazamaji hana hiari: jicho lake litashuka kuyasoma. Mwaka 1991 mwanasaikolojia Géry d'Ydewalle wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, pamoja na wenzake, walichapisha jaribio lililothibitisha jambo hilo. Waliwaonyesha Wamarekani, watu wasio na mazoea ya filamu za kusoma, filamu ya Kimarekani yenye maandishi ya Kiingereza chini yake. Hawakuyahitaji hata kidogo, maana walikuwa wakisikia kila neno, lakini kifaa cha kufuatilia macho kilionyesha kwamba waliyasoma.

Kwa anayetafsiri filamu ya huzuni, hiyo ni habari njema. Kwa anayetafsiri kichekesho ni mtego. Macho huwahi kuliko mdomo, na ukiweka sentensi nzima kwenye skrini kwa mkupuo, mtazamaji ameshafika mwisho wa mzaha kabla mwigizaji hajaumaliza. Kwa hiyo kazi ya sabtaito za kichekesho haiishii kwenye kufupisha maneno ili yaenee. Ni kupanga neno lipi lifike lini.

Watazamaji ninaowafikiria hapa ni wa Mtanda, mjini Lindi. Kwenye vibanda umiza vya pwani hii, kama kwingineko nchini, filamu ya kigeni imezoeleka kuja na msimulizi. Derek Mukandala wa Dar es Salaam, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, aliijenga kazi hiyo tangu enzi za kaseti za video: sauti ya filamu inashushwa, yake inapanda, anatafsiri, anaeleza, na akipenda anaongeza chumvi. Msimulizi akichelewa sentensi moja ataifidia kwenye inayofuata. Maandishi hayana nafasi hiyo. Yana mistari miwili na sekunde chache, basi.

Kipimo cha zamani cha mafundi wa televisheni za Ulaya huitwa kanuni ya sekunde sita: mistari miwili iliyojaa, kila mmoja ukiwa na herufi 37 hivi ukihesabu na nafasi na vituo, ikae sekunde 6. Hiyo ni kama herufi 12 kwa sekunde. Kampuni za filamu za mtandaoni siku hizi huruhusu mstari wa herufi 42 na kasi ya 17 au zaidi, zikimtegemea mtazamaji aliyezoea. Mimi kwa Mtanda hubaki kwenye 12, na sababu ni namna watu wanavyotazama. Mkiwa wengi mbele ya skrini moja, hakosekani kijana anayemsomea bibi yake au mdogo wake kwa sauti. Mtu huzungumza silabi tano au sita kwa sekunde, na silabi ya Kiswahili kwa kawaida ni herufi mbili hivi. Ukijumlisha na nafasi kati ya maneno, unarudi kwenye 12 au 13. Ukizidisha hapo, msomaji wa sauti anaachwa nyuma, na bibi anacheka wenzake walipokwisha kunyamaza.

Sasa tuchukue filamu yenyewe. Katika Totò, Peppino e la... malafemmina ya mwaka 1956, iliyoongozwa na Camillo Mastrocinque, ndugu wawili wa shamba wanaoitwa Caponi wanakwenda Milano kumwokoa mpwa wao aliyemfuata msichana mcheza maonyesho. Wanaamua kumwandikia huyo msichana barua ya kumtaka amwache kijana, na ndani yake wataweka lira 700,000 za kumliwaza. Totò anasema kwa mbwembwe za mtu aliyesoma. Peppino anaandika huku jasho likimtoka. Ni miongoni mwa vipande vinavyopendwa kuliko vyote katika sinema ya Italia, na maneno yake ni mengi kupita kiasi.

Totò anafika mahali pa kuweka kituo. Anaagiza nukta, kisha nukta pacha, kisha anahimiza wamwage tu, watu waone kwamba wao si wabahili. Rasimu ya kwanza, ile inayofuata kila neno, ingekuwa hivi:

```
Weka nukta. Weka nukta pacha.
Ndiyo, waonyeshe kwamba sisi tunazo nyingi.
```

Mstari wa kwanza una herufi 29, wa pili 43. Jumla ni 72, yaani sekunde 6 kwa kasi yetu, na mstari wa pili umepita hata kikomo cha 42. Tuseme Totò ameyatamka yote kwa sekunde 3. Tuna nafasi ya herufi 36, kwa hiyo nusu ya sentensi lazima iondoke.

Cha kwanza kuondoka ni kile ambacho picha inakisema tayari. Tunaona mmoja anaamuru na mwingine anaandika, kwa hiyo "weka" haina kazi. Cha pili ni viungo vya sentensi: "ndiyo", "kwamba", "sisi". Hapa Kiswahili kina ukarimu wake, kwa sababu kitenzi chetu kimeshambeba mtendaji na mtendwa, na "tunazo" ni sentensi kamili. Inabaki hivi:

```
118
00:41:02,400 --> 00:41:05,400
Nukta! Nukta pacha!
Waone tunazo.
```

(Namba ya kwanza ni ya mfululizo, na mstari wa saa ni wa mfano: maandishi yanaingia na kutoka baada ya sekunde 3.) Herufi ni 32, zinaenea, na mzaha haukupungua. Kwa kweli umeongezeka. "Tunazo" ni za nukta, lakini mtaani mtu akisema "tunazo" hakuna anayewaza nukta, ni hela. Na ndani ya bahasha ile zimo lira 700,000. Ufupi haukuleta bahati hiyo wenyewe. Ulilazimisha kutafuta neno moja lenye kazi mbili, na ngeli ikalitoa.

Ugumu unakuja kwenye ufunguzi wa barua. Totò anaanza kwa Kitaliano kizito cha kiofisi ambacho sarufi yake imevurugika: wanaoandika ni "sisi", lakini barua ni "yangu". Kwa uzito tuna hazina tayari. Mtu yeyote aliyewahi kutumiwa barua kwa mkono wa kondakta anaijua "Madhumuni ya barua hii", na hizo ni herufi 22 tu zinazoleta kalamu, bahasha na heshima zote kwa pamoja. Lakini kosa la sarufi ni hatari. Nikiandika "Sisi nakuandikia", msomaji atadhani ni mimi niliyekosea kuchapa. Katika maandishi, kosa la mhusika na kosa la mfasiri hayana sura tofauti. Dawa ni kulikuza mpaka lisiweze kuwa la bahati mbaya, na kuliweka mbele kabisa: "Mimi tunakuandikia barua hii." Nafsi ya kwanza umoja imegongana na wingi katika maneno mawili ya mwanzo, na hakuna kidole kinachoteleza namna hiyo. Ukitaka kuhakikisha, mtazame anayesoma: akicheka, amemcheka Totò, akikunja uso na kurudi kuusoma mstari, amekushuku wewe.

Mpaka hapa tumeshughulika na wingi wa maneno. Kuna vichekesho vya maneno machache ambavyo hufa kwa sababu ya saa. Mfano mzuri uko katika Non ci resta che piangere ya mwaka 1984, walimoongoza na kuigiza Roberto Benigni na Massimo Troisi. Mwalimu Saverio na mhudumu wa shule Mario wanajikuta wameangukia Toscana ya mwaka 1492. Huko mhubiri mkali anamkabili Mario na kumpazia sauti kwamba akumbuke kuwa atakufa. Mario hakusikia vizuri. Mhubiri anarudia. Mario anakubali. Mhubiri anarudia tena, na Mario, kwa upole wa karani, anajibu kwamba ngoja ainukuu.

Watu wa Lindi hawahitaji maelezo ya mhubiri huyo. Waliokaa kwenye mawaidha wanaijua sauti yake. Tafsiri nayo ni fupi: "Kumbuka utakufa!" ina herufi 16. Mzaha uko kwenye kurudia, kwa hiyo maneno hayo yarudi vilevile mara zote tatu. Mfasiri anayebadilisha ili kukwepa kujirudia, leo "utakufa", kesho "mauti yapo", ameibomoa ngazi ambayo Mario anapandia. Mara ya kwanza naweza kuwaweka wote wawili pamoja, mhubiri juu na "Ati?" ya Mario chini, kwani jibu hilo halina siri. Mara ya tatu lazima niwatenganishe:

```
214
00:52:10,000 --> 00:52:11,600
Kumbuka utakufa!

215
00:52:12,100 --> 00:52:13,700
Ngoja niandike.
```

Ile nusu sekunde iliyo tupu katikati ndiyo yenye kazi. Hapo jicho halina cha kusoma, linapanda usoni kwa Mario na kumkuta akifikiri kwa dhati. Jibu linaingia pamoja na mdomo wake. Ningeyaweka pamoja, "Ngoja niandike" ingesomwa wakati mhubiri bado anapaza sauti, na cheko lingeanza kwa mtu asiyehusika. Kishawishi kingine ni kuongeza "nisisahau". Nafasi kwenye mstari ipo, lakini neno hilo linaufafanua mzaha kwa msomaji aliyekwisha kuuelewa.

Kipo kinachopotea bila kurudi. Troisi, anayeigiza Mario, anazungumza kwa lafudhi ya Napoli, na Mtaliano humcheka kabla hata hajamaliza sentensi. Nikimpa lafudhi ya Kimwera, mtazamaji wa Mtanda atacheka, lakini atauliza Mmwera amefikaje Toscana, na utani wa jirani utaifunika filamu. Lafudhi hiyo naiacha iende. Ninachoweza kukiokoa ni unyonge wa mtu mpole mbele ya mkali, na huo unabebwa na ufupi wa majibu yake.

Ndugu Caponi wanaleta kesi ngumu zaidi. Wakiwa Milano wanaiona kama ughaibuni, na wanamwuliza askari njia kwa lugha waliyoibuni hapo hapo, mseto wa Kifaransa na vipande vya lugha nyingine. Kwa Mtaliano, sikio linatosha. Kwa mtu wa Lindi, Kitaliano safi na lugha hiyo ya uongo ni makelele yaleyale, na skrini tupu haitamwambia kwamba sasa wanaropoka. Lazima aone uropokaji katika lugha anayoijua, na uropokaji ambao amewahi kuusikia, kama wa kijana anayemwongoza mtalii kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani kwa Kiingereza cha kuokoteza: "Sisi tunawanti kunoo." Kifaransa kimekwenda na maji. Kujiamini kwa mtu asiyejua kumebaki, na kwa herufi 21 sioni cha kuokoa zaidi ya hicho.