Chai Iliyopoa Haijipashi Moto

Mimina chai ya rangi kikombeni, iweke mezani, kisha endelea na shughuli zako. Mwanzoni mvuke unapanda na ukingo wa kikombe unaunguza mdomo. Ukichelewa kidogo, unakunywa bila kupuliza. Ukiisahau tangu asubuhi hadi adhuhuri, utaikuta ina joto lile lile la chumba, na hapo itabaki hata ukiingoja wiki nzima. Anayeitaka moto sharti airudishe jikoni.

Jambo hili tumelizoea tangu utotoni, kiasi kwamba hatuoni kuna nini cha kuuliza. Mimi naona lipo swali zito. Joto lililotoka kwenye chai limekwenda wapi? Halikupotea. Limo humo humo chumbani, katika hewa, katika meza, katika kuta. Tuchukue kikombe cha kawaida chenye gramu 200 za chai, nyuzi 80 za Sentigredi, katika chumba chenye nyuzi 27. Hadi ipoe kabisa, chai hiyo itakuwa imetoa jouli 44,000 hivi, na jouli hizo zote bado zipo.

Kanuni ya kwanza ya thamodinamiki, yaani elimu ya joto na kazi, inasema nishati haiumbwi wala haiangamii, huhama tu. Sasa tuseme jouli zile 44,000 zinakusanyika zenyewe kutoka hewani na ukutani, zinarudi kikombeni, chumba kinapoa kidogo na chai inaanza tena kutoa mvuke. Kanuni ya kwanza haina neno na hilo, kwa sababu hesabu ya nishati inalingana kabisa. Lakini hakuna aliyewahi kuliona. Basi ipo kanuni nyingine inayozuia.

Mwaka 1850 mwanafizikia Mjerumani Rudolf Clausius aliieleza kanuni hiyo ya pili: joto haliendi lenyewe kutoka penye baridi kwenda penye moto. Mwaka 1865 akakipa jina kipimo kinachoihesabu, akakiita entropia, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kugeuka.

Jina linatisha kuliko hesabu yake. Chukua kiasi cha joto kilichohama, ukigawanye kwa halijoto ya mahali kilipotoka, kisha kwa halijoto ya mahali kilipoingia. Sharti ni moja: halijoto ipimwe kwa kelvini, ambayo ni nyuzi za Sentigredi ukiongeza 273. Chai yetu basi ina kelvini 353 na chumba kina 300. Jouli 1,000 za mwanzo zikitoka kwenye chai, entropia ya chai inapungua kwa 1,000 kugawa kwa 353, yaani 2.83. Jouli hizo hizo zikiingia chumbani, entropia ya chumba inaongezeka kwa 1,000 kugawa kwa 300, yaani 3.33. Joto ni lile lile, ila mahali penye baridi linahesabika zaidi. Jumla ya chai na chumba imepanda kwa 0.50. Geuza safari, joto litoke chumbani kwenda kwenye chai, na jumla itashuka kwa 0.50. Hapo ndipo kanuni ya pili inapokataa: jumla ya entropia inaweza kupanda, au kubaki palepale, lakini haishuki.

Kadiri chai inavyopoa, kigawanyo chake nacho hupungua, kwa hiyo hesabu hufanywa hatua kwa hatua. Ukiifikisha mwisho, chai imepoteza entropia ya jouli 136 kwa kila kelvini, chumba kimepata 148, na ziada ni 12 hivi. Nimeuacha nje mvuke ili hesabu isituchanganye, ingawa mvuke hubeba joto jingi. Ndiyo maana chai iliyofunikwa hukaa na moto, na ile iliyomiminwa kwenye kisahani hupoa upesi.

Itazame vizuri ile 136. Entropia ya chai yenyewe imepungua. Wengi hufundishwa kwamba entropia maana yake kila kitu huelekea kuvurugika, na wanakwama hapa. Kanuni haisemi habari za kila kitu peke yake. Inasema habari za jumla. Friji hupoza maji yaliyomo ndani, na entropia ya maji hayo hushuka. Lakini pitisha mkono nyuma yake uone joto linalotoka: chumba kimepokea joto la maji pamoja na lile lililotokana na umeme, na huko entropia imepanda kuliko ilivyoshuka ndani.

Kwa nini iwe hivyo? Aliyelijibu swali hili kwa kina ni Ludwig Boltzmann wa Austria. Chukua mbegu 10 za ukwaju, uzirushe moja moja, kila moja iwe na nafasi sawa ya kuangukia sahani ya kushoto au ya kulia. Ziko njia 1,024 za mbegu hizo kuangukia sahani mbili. Kati ya hizo, njia moja tu inaziweka zote kushoto, na njia 252 zinazigawa tano kwa tano. Hakuna nguvu inayozisukuma mbegu zigawane. Mgawanyo huo una njia nyingi, basi. Joto nalo ni mtikisiko wa molekuli, na njia za mtikisiko huo kusambaa chumbani ni nyingi kupita kiasi zikilinganishwa na njia za kubanwa ndani ya kikombe. Fomula ya wazo hilo imechongwa kwenye kaburi la Boltzmann mjini Vienna: S = k log W. Herufi S ni entropia, W ni idadi ya njia, na k ni namba ndogo isiyobadilika.

Kwa hiyo chai kujipasha moto si jambo lisilowezekana kabisa, ni nadra. Lakini unadra wake haufanani na wa bahati nasibu yoyote. Ziada yetu ya 12 ikiingizwa kwenye fomula hiyo, uwezekano unakuwa mmoja kati ya namba ndefu mno. Ukianza kuiandika kwa kasi ya tarakimu moja kila sekunde, utahitaji zaidi ya mara laki nane ya umri wa ulimwengu kuimaliza.

Kama nishati yote ipo, basi nini kimepotea? Fursa ya kufanya kazi. Mwaka 1824 Mfaransa Sadi Carnot alionyesha kwamba injini inayotumia joto hupata kazi kwa sababu joto linashuka kutoka penye moto kwenda penye baridi. Tofauti hiyo ikiisha, injini inasimama. Ukizidisha ziada ya chai yetu kwa kelvini 300 za chumba, unapata jouli 3,500 hivi. Hiyo ndiyo kazi ambayo injini isiyo na kasoro ingeweza kuipata kutoka kwenye kikombe kile wakati kinapoa. Inatosha kupandisha lita 20 za maji kutoka kisima chenye kina cha karibu mita 18.

Chai ikishapoa yenyewe mezani, jouli zake zote 44,000 zimo chumbani, wala hakuna mashine inayoweza kuzitumia kupandisha maji hayo hata sentimita moja.