Utangulizi: Kuhukumu Pasipo Shahidi wa Macho

Tarehe 2 Januari 2014, Kanali Mamadou Ndala aliuawa katika shambulio la kuvizia karibu na Matembo, kaskazini mwa mji wa Beni. Aliyekuwa barabarani siku hiyo angeweza kueleza mlipuko na gari lililowaka, lakini si nani aliyepanga. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo, mahakama ya kijeshi iliyokaa Beni ilimhukumu luteni kanali mmoja adhabu ya kifo katika kesi ya shambulio hilo. Kesi za namna hii huwafanya watu wa Mavivi waulize: jaji anajuaje jambo ambalo macho hayakuliona?

Anajua kwa ushahidi wa mazingira, yaani mambo madogo yaliyothibitishwa ambayo kwa pamoja yanaelekeza kwenye jambo lisiloonekana. Mwaka 1958, katika kesi ya Simoni Musoke iliyotoka Uganda, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishikilia kipimo hiki: mambo hayo yasiweze kupatana na kutokuwa na hatia, wala kuelezeka kwa njia nyingine yenye mantiki. Wanasheria wa Kongo hudai dalili ziwe nzito, bayana na zenye kukubaliana.

Tuchukue mfano wa kubuni. Usiku, depo ya kakao hapa Mavivi inavunjwa na magunia matatu yanaibwa. Asubuhi kijana mmoja anauza magunia matatu Beni. Simu yake ilinaswa na antena ya Mavivi saa sita usiku, na ndani ya sanduku la pikipiki yake kuna kipande cha kufuli kilichokatwa kwa msumeno.

Simu ndiyo huwavutia wengi, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Antena hufunika eneo pana, na kijana anaishi Mavivi, kwa hiyo ingemnasa hata akiwa amelala kwake. Magunia yana uzito zaidi, kwa sababu mali iliyoibwa imekutwa mikononi mwake saa chache tu baada ya wizi. Lakini lazima kwanza ithibitishwe kuwa ni yaleyale, kwa alama au mshono wa mwenyewe. Kipande cha kufuli kina nguvu kuliko vyote iwapo mikwaruzo ya msumeno inalingana na ile ya nusu iliyobaki mlangoni.

Hata hapo jaji hajamaliza. Nani alikiokota kipande, na kilihifadhiwa wapi? Kama kililala siku mbili juu ya meza isiyo na mlinzi, yeyote angeweza kukibadilisha. Je, pikipiki iliazimwa usiku ule? Na kama alama za magunia na kipande cha kufuli vyote vinategemea neno la mtu mmoja, basi huo ni ushahidi mmoja, nao utaanguka pamoja naye.

Katiba ya Kongo, katika ibara ya 21, inataka kila hukumu iandikwe na itoe sababu zake. Kwa hiyo unaposoma hukumu isiyo na shahidi wa macho, usihesabu dalili. Tafuta ukurasa ambapo jaji anataja maelezo ya mshtakiwa na kuonyesha kwa nini hayawezekani. Ukurasa huo ukikosekana, shaka imebaki, na shaka ni haki ya mshtakiwa.