Nembo Mpya, Fulana Ileile

Kocha wa timu ya mtaani kwetu alinitumia picha moja: kijana kasimama uwanjani, kavaa fulana nyeupe yenye nembo ya bluu kifuani. Timu imeshabadili nembo, na picha iliyobaki ni JPEG ya kwenye simu tu. Picha ya namna hiyo haina matabaka. Nembo haikubandikwa juu ya kitambaa useme utaibandua. Ni pikseli za picha yenyewe, na chini yake hakuna kitu. Ndiyo maana kazi kubwa ni kurudisha kitambaa, wala si kuweka nembo mpya.

Nilitumia GIMP, programu ya bure. Baada ya kufungua picha, ongeza tabaka tupu kwa `Layer > New Layer`, ukichagua `Transparency`. Bonyeza C upate `Clone`, kisha weka tiki kwenye `Sample merged` ili brashi isome picha ya chini huku ikipaka kwenye tabaka jipya. Shikilia Ctrl, bofya kitambaa safi chenye mwanga uleule, halafu paka juu ya nembo. Penye mkunjo, chukua chanzo kwenye mkunjo huohuo na uufuate unakoelekea; macho ya watu hugundua haraka mkunjo uliokatika njiani.

Wengi hukimbilia `Heal`. Mimi huiacha mpaka bluu yote iishe, kwa sababu hiyo huchanganya rangi za jirani, na ikikuta bluu iliyosalia huisambaza kama doa la wino. Ikishaisha, `Heal` hulainisha viungo vizuri sana.

Kuza picha hadi asilimia 200. Utaona ukungu wa bluu kuzunguka pale nembo ilipokuwa. JPEG hubana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na rangi huvuja nje ya mstari. Paka hadi pikseli 16 hivi nje ya ukingo, la sivyo mzimu wa nembo utabaki.

Sasa leta nembo mpya kwa `File > Open as Layers`, ikiwa PNG isiyo na mandhari. Ipunguze kwa Shift+S, kisha kwa Shift+P vuta pembe zake zifuate kifua kilivyogeuka. Badili `Mode` ya tabaka iwe `Multiply`: vivuli vya mikunjo vitapenya, na nembo itaonekana imechapwa kwenye fulana. Kwenye fulana nyeusi njia hii haifai, nembo itamezwa. Acha `Normal`, upake vivuli kwa mkono.

Hata hapo nembo ilikuwa kali kuliko picha. `Gaussian Blur` ya 0.7 ikaitosha.

Nilimpa kocha JPEG kwa `Export As`, nami nikabaki na faili la XCF. Humo fulana ni nyeupe tupu, na nembo iko kwenye tabaka lake.