Kitanzi cha waya kwa wasiosikia vizuri

Mzee anayevaa shimesikio huweza kupiga soga sebuleni bila taabu, lakini ibada ikianza kanisani anaambulia mvumo wa feni na mwangwi wa mabati. Kifaa chake si kibovu. Maikrofoni yake hunasa vizuri maneno ya mtu aliye karibu, mita moja au mbili hivi. Mhubiri akiwa mbali, sauti yake hufika imechanganyika na kelele zote za ukumbini, na kifaa hukuza vyote pamoja. Kuongeza sauti ya spika hakusaidii, maana mwangwi nao huongezeka.

Kinachosaidia ni waya. Hutandazwa sakafuni kuzunguka ukumbi, ncha zake zikaunganishwa na amplifaya inayopokea sauti moja kwa moja kutoka maikrofoni ya mhubiri. Umeme ukipita humo, ukumbini hutokea nguvu ya sumaku inayobadilika kufuatana na sauti. Shimesikio nyingi zina koili ndogo, iitwayo koili ya T, inayoinasa nguvu hiyo na kuirudisha kuwa sauti. Msikilizaji akiweka kifaa chake kwenye T, feni na mwangwi hutoweka, kwa sababu maikrofoni ya kifaa imezimwa.

Kosa kubwa ni kuunga waya huo kwenye amplifaya ya kawaida ya spika. Kadiri sauti inavyokuwa nyembamba ndivyo waya unavyozidi kuupinga umeme, hivyo herufi kama s, f na t hufifia na mahubiri huwa manung'uniko. Amplifaya ya kitanzi imeundwa kuushikilia mkondo usipungue. Kwa ukumbi wa mraba wenye upande wa mita 10, waya ukizunguka mara moja, unahitajika mkondo wa zaidi kidogo ya ampea 4 sauti inapofika kilele, ili kutimiza kiwango cha kimataifa cha IEC 60118-4. Nondo zilizomo sakafuni hudhoofisha nguvu hiyo, hasa katikati ya ukumbi. Hapo hesabu hiyo haitoshi.

Kwa hiyo fundi apime kabla ya kutoboa ukuta. Akae kwenye benchi na kipokezi chenye koili, usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi, taa na feni zikiwaka. Akisikia mvumo mzito kabla kitanzi hakijawekwa, unatoka kwenye nyaya za umeme za jengo. Hizo zirekebishwe kwanza.

Hata kitanzi kizuri kina udhaifu wake: koili hunasa vyema ikiwa wima. Muumini akiinamisha kichwa nyuzi 60 wakati wa sala, nguvu inayonaswa hubaki nusu.

Nawe unayekwenda kununua shimesikio, uliza kama ina koili ya T, maana vifaa vidogo vinavyojificha ndani ya sikio mara nyingi havina. Ikiwa nayo, usiondoke kliniki kabla mtaalamu hajaiwasha na kukuonyesha namna ya kuitumia.