Friji ya Chanjo, Umeme wa Mgawo na Kikompyuta Kisicho na Saa

Wengi mnaochukua chanjo ya mdondo ofisini kwetu mmeuliza kile kiboksi kidogo juu ya friji kina kazi gani. Ni Raspberry Pi, kikompyuta cha ukubwa wa kadi ya benki. Kila baada ya dakika 15 kinasoma joto la friji kwa kipima joto aina ya DS18B20 na kuliandika kwenye faili. Saa 1 asubuhi kinanitumia ripoti. Joto linatakiwa liwe kati ya nyuzi 2 na 8.

Wapo wanaotaka kufunga cha kwao shambani. Sawa, ila kabla ya kununua chochote jua jambo hili: Raspberry Pi za kawaida, mpaka toleo la 4, hazina saa yenye betri. Umeme ukikatika, saa inasimama. Umeme ukirudi, kinaendelea na muda wa mwisho kilioandika kwenye memori kadi, kikisubiri intaneti ikirekebishe. Mjini hilo huoni. Huku kwetu mtandao unaweza kuchelewa saa mbili nzima.

Tuchukue mfano. Umeme umekatika saa 8 na dakika 4 usiku, umerudi saa 2 na dakika 10 asubuhi. Kikompyuta kinaamka kikidhani bado ni saa 8 na dakika 4 usiku. Intaneti inarudi saa 4 asubuhi. Ukifungua faili utakuta hivi:

```
02:00  5.2
02:15  12.4
03:45  6.8
10:00  6.5
```

(Mistari ya katikati nimeiruka.) Ukisoma haraka utasema friji ilipata joto kidogo usiku, ikapoa yenyewe. Kumbe chanjo imekaa saa sita bila umeme, na ile 12.4 ilipimwa baada ya saa 2 asubuhi. Anayeamini faili hilo anagawa chanjo, na mfugaji anachanja vifaranga akidhani wamekingwa.

Dalili ya kukamata uongo huu ni mruko. Mimi kipima joto nimekitumbukiza kwenye chupa ya maji ndani ya friji, ili mlango ukifunguliwa kisiyumbe. Maji ya chupa hayapandi nyuzi 7 ndani ya dakika 15 mlango ukiwa umefungwa. Ukiona hivyo, usiamini saa.

Tiba yake ni kipande kidogo cha saa kinachoitwa DS3231, chenye betri ya duara ya CR2032. Kinachomekwa kwenye pini za kikompyuta. Washa I2C kwenye `raspi-config`, kisha ongeza mstari huu ndani ya `/boot/firmware/config.txt` na uwashe upya:

```
dtoverlay=i2c-rtc,ds3231
```

Intaneti ikiwepo na saa ikiwa sahihi, andika `sudo hwclock -w` ili muda uingie kwenye kipande hicho. Sasa kijaribu: chomoa umeme saa nzima, zima na ruta, washa kikompyuta peke yake, andika `date`. Kikitaja muda sahihi bila intaneti, umemaliza. Raspberry Pi 5 ina saa ndani tayari, lakini betri yake unainunua na kuichomeka mwenyewe.

Jambo la pili ni ripoti ya asubuhi. Wengi hutumia `cron`. Shida yake, kama saa 1 asubuhi umeme haupo, kazi hiyo inarukwa mpaka kesho, yaani siku ileile unayoihitaji ripoti ndiyo unaikosa. Mimi natumia taima ya `systemd`:

```
[Timer]
OnCalendar=*-*-* 07:00
Persistent=true
```

Mstari wa mwisho unasema: kama muda ulipita ukiwa umezimwa, fanya mara tu unapowaka. Kwa vipimo vya kila dakika 15 sijauweka, maana joto la saa 9 usiku huwezi kulipima asubuhi. Pengo libaki pengo, lionekane.

Kuwaka si kutuma. Bando likiisha au mnara ukilala, ripoti isipotee. Kwangu inaandikwa kwanza kwenye folda ya zinazosubiri, inajaribiwa tena kila nusu saa, na inafutwa pale tu upande wa pili unapojibu kwamba imefika.

Ukiweka pawabenki, hakikisha ni ile inayochaji na kutoa umeme kwa wakati mmoja bila kukata hata sekunde, la sivyo kikompyuta kitajizima na kuwaka upya kila umeme unapoyumba. Hata hivyo, bila mtandao onyo halitakufikia. Saa 3 asubuhi ikipita bila ripoti, mimi nahesabu kuwa kuna tatizo: nakwenda kusoma faili lenyewe kabla hata chupa moja ya chanjo haijatoka.