Bei Peke Yake Haitoshi: Namna ya Kujibu Ombi la Kotesheni

Tuchukue mfano wa shule binafsi ya bweni, nje kidogo ya Morogoro mjini, inayotaka seti 40 za meza na viti vya wanafunzi. Mhasibu wa shule anaziandikia karakana tatu barua moja: leteni kotesheni kabla ya Ijumaa. Karakana ya kwanza inajibu kwa ujumbe wa simu wa mstari mmoja, "Seti moja 85,000." Ya pili inaleta karatasi ya ukurasa mmoja yenye bei hiyohiyo, na chini yake maelezo ya bidhaa, muda wa bei, malipo na usafirishaji.

Kwa macho ya haraka majibu hayo yanalingana. Tofauti huonekana mambo yanapoharibika. Kotesheni inayotaja bidhaa, idadi na bei, na kuonesha kuwa muuzaji yuko tayari kuuza hivyo, inaweza kuhesabiwa kuwa pendekezo la mkataba. Chini ya Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, mnunuzi akilikubali pendekezo kama lilivyo, mkataba umefungwa. Akijibu, "Sawa, lakini leteni wiki hii," bado hajakubali. Ametoa pendekezo lake mwenyewe, na muuzaji ana hiari ya kulipokea au kulikataa. Kwa hiyo kila sharti ambalo fundi hakuliandika ni jambo atakalolazimika kubishania baadaye, akiwa ameshanunua mbao.

Bei inabeba nini

Turudi kwenye hesabu ya karakana. Tuseme vifaa vya seti moja, yaani bomba za chuma, mbao za mtiki, rangi na skrubu, vinagharimu 58,000. Ufundi ni 12,000. Kwa bei ya 85,000, faida ni 15,000 kwa seti, au 600,000 kwa seti zote 40. Gari la kupeleka mzigo shuleni ni 120,000. Kama kotesheni haisemi usafiri analipa nani, shule itadhani umo ndani ya bei, na sehemu ya tano ya faida itakuwa imekwenda kabla kazi haijaanza.

Jambo la pili ni VAT, ambayo Tanzania Bara kwa kawaida ni asilimia 18. Mfanyabiashara asiyesajiliwa VAT haruhusiwi kuitoza, lakini ni vema aandike wazi kwamba hajasajiliwa na kwamba hakuna kitakachoongezwa juu ya bei yake. Sababu ni hii: mshindani aliyesajiliwa anaweza kuandika 75,000 kwa seti bila kutaja kodi, akaonekana wa bei nafuu. Ukiongeza asilimia 18, seti yake inafika 88,500. Mhasibu hawezi kulinganisha karatasi mbili ikiwa moja haisemi kodi imo au haimo.

Muda wa bei

Hapa ndipo wasambazaji wadogo huumia zaidi. Wengi huandika "bei hii ni halali kwa siku 30" kwa sababu wameona hivyo kwenye kotesheni za wengine. Swali la kujiuliza ni jingine: duka la vifaa limeniahidi bei yake kwa siku ngapi? Kama muuza mabomba na muuza mbao wameshikilia bei kwa siku 14 tu, fundi aliyeahidi siku 30 amebaki bila kinga kwa siku 16. Vifaa vikipanda kwa asilimia 10 katika siku hizo, kila seti inaongezeka gharama kwa 5,800. Kwa seti 40 hiyo ni 232,000, zaidi ya theluthi ya faida yote.

Kuacha kuandika muda wowote si dawa. Sheria husema pendekezo lisilotajiwa muda hukoma baada ya muda wa kuridhisha kupita, na watu wawili wenye fedha hatarini hawatakubaliana kirahisi muda huo ni upi. Tarehe kamili ni bora kuliko idadi ya siku, kwa kuwa siku zinaweza kuhesabiwa kuanzia tarehe ya barua, siku ilipopokelewa au siku ya mwisho ya kuleta kotesheni.

Siku za kupeleka zinaanzia wapi

"Tutaleta ndani ya siku 21" ni sentensi nusu. Siku 21 tangu lini? Karakana inayotegemea malipo ya awali kununua vifaa haiwezi kuanza kuhesabu siku ya oda ikiwa fedha zinaingia wiki mbili baadaye. Pia itajwe mahali pa kukabidhi, nani anashusha mzigo, na nani anasaini. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, hasara kwa kawaida humfuata mwenye mali, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Kiti kikivunjika njiani, au meza zikinyeshewa masika katika uwanja wa shule kabla ya kupokelewa, sentensi moja kuhusu wakati wa makabidhiano inamaliza ubishi.

Sehemu kuu ya jibu la karakana yetu ya mfano ingeweza kusomeka hivi:

"Kwa kujibu ombi lenu la tarehe 9 Machi 2026, tunaweza kutengeneza seti 40 za meza na viti kwa vipimo mlivyotupa. Mbao ni mtiki badala ya mninga mlioutaja. Bei ni shilingi 85,000 kwa seti, jumla 3,400,000. Usafiri hadi shuleni ni 120,000. Jumla kuu ni 3,520,000. Hatujasajiliwa VAT. Bei ni kwa seti 40. Oda ikipungua chini ya 30 tutatoa bei mpya. Bei inadumu hadi Ijumaa, 27 Machi 2026, saa 10 jioni. Malipo ni nusu, yaani 1,760,000, pamoja na oda, na nusu iliyobaki ndani ya siku 7 baada ya kukabidhi. Tutakabidhi shuleni ndani ya siku 21 tangu kupokea oda na malipo ya awali. Shule itashusha mzigo, kuukagua na kusaini hati ya makabidhiano siku hiyohiyo."

Angalia sentensi ya mtiki. Fundi hana mninga na hakuficha. Angekaa kimya, shule ingekuwa na haki ya kukataa mzigo kwa kuwa haufanani na ulioombwa. Sharti la seti 30 nalo lina kazi: mnunuzi anayeagiza seti 12 kwa bei ya seti 40 hukutana nalo hapo.

Mnunuzi akiwa serikali

Taasisi za umma Tanzania hufanya manunuzi kupitia mfumo wa NeST, ulioanza kutumika 2023. Huko masharti mengi, pamoja na muda wa bei na malipo, huwekwa na mnunuzi. Msambazaji akibandika masharti yake yanayopingana na hayo, jibu lake linaweza kukataliwa hata kama bei ni ya chini. Njia yake ni kuuliza ufafanuzi kabla ya siku ya mwisho, kisha kuingiza gharama ya kusubiri malipo ndani ya bei, au kuacha oda hiyo. Akumbuke pia kwamba malipo ya bidhaa kutoka serikalini hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 2.

Kabla ya kutuma kotesheni, mpe mtu asiyeijua kazi hiyo aisome, kisha umuulize atalipa jumla ngapi, lini, mzigo utafika wapi, na bei inakwisha siku gani. Akishindwa swali moja, irekebishe kwanza.